Usiku wa Jumamosi unavyoharibu wiki nzima ya mtoto

Katika nyumba nyingi zenye wanafunzi, hakuna asubuhi ngumu kama ya Jumatatu. Mtoto anaitwa mara tatu, anaitikia huku amefumba macho, anavaa soksi moja kisha anajilaza tena. Chai inapoa mezani. Akifika shuleni, wenzake wameshasimama mstarini.

Wazazi wengi hulaumu uvivu. Wengine husema mtoto haipendi shule. Ni wachache wanaorudi nyuma na kujiuliza kilichotokea Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi, na huko ndiko tatizo lilikoanzia.

Mjini Singida, kama ilivyo Manyoni, Itigi au Kiomboi, usiku wa Jumamosi una mambo yake. Kuna sherehe ya harusi au kipaimara ambayo familia nzima imealikwa. Kuna filamu kwenye luninga. Kuna mechi ya ligi ya Hispania inayoanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa za hapa nyumbani na kumalizika karibu saa 6 au saa 7. Mtoto anakaa na wakubwa, na hakuna anayemfukuza sebuleni kwa sababu kesho hakuna shule.

Jumapili wazazi wanamwonea huruma, wanamwacha alale mpaka atosheke. Anaamka saa 3 na nusu asubuhi, uso umechangamka, na kila mtu anaona deni limelipwa. Hapo ndipo hesabu inapoanza kwenda kombo.

Hesabu ya mtoto mmoja

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 9, darasa la tatu, anayeishi Manispaa ya Singida. Siku za shule analala saa 2:30 usiku na kuamka saa 12:00 asubuhi. Huo ni usingizi wa saa 9 na nusu. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walisema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kati ya saa 9 na saa 12 kwa siku. Mtoto huyu yuko sawa.

Jumamosi analala saa 6:30 usiku na kuamka Jumapili saa 3:30 asubuhi. Ukihesabu, amelala muda wa saa 9. Karibu ni sawa na siku zote, ndiyo maana mama yake anasema, "Mbona amelala vya kutosha?"

Ni kweli, muda haukupungua sana. Kilichobadilika ni mahali usingizi ulipokaa ndani ya usiku. Siku za shule, katikati ya usingizi wake huangukia saa 7 na robo usiku. Jumamosi hiyo, katikati yake iliangukia saa 11 alfajiri. Usingizi wote umesogezwa mbele kwa karibu saa 4.

Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani, akiwemo Till Roenneberg wa Chuo Kikuu cha Munich, waliipa hali hii jina linalofanana na uchovu wa wasafiri wa ndege. Walikuwa wameona kwamba mtu anayelala na kuamka kwa ratiba moja siku za kazi na ratiba nyingine siku za mapumziko, mwili wake unateseka kama wa mtu aliyevuka nchi zenye saa tofauti. Saa za Kinshasa ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa 2. Mtoto wetu wa Singida ameishi Jumapili yake kwa saa za mbali zaidi ya Kinshasa, na Jumatatu asubuhi anatakiwa awe ameshasimama mstarini kwa saa za Singida.

Vitu viwili vinavyoleta usingizi

Ili kuelewa kwa nini mtoto huyu hatalala Jumapili usiku hata akiamriwa, mzazi anahitaji kujua vitu viwili tu.

Cha kwanza ni njaa ya usingizi. Tangu mtu anapoamka, njaa hii huanza kujijenga taratibu, na kila saa anayokaa macho inaiongeza. Siku ya shule, mtoto wetu anaamka saa 12 asubuhi, hivyo ikifika saa 2:30 usiku amekaa macho kwa saa 14 na nusu. Njaa yake ya usingizi imeshiba, kitanda kinamvuta chenyewe. Jumapili ameamka saa 3:30 asubuhi. Ikifika saa 2:30 usiku amekaa macho kwa saa 11 tu. Kumlaza muda huo ni sawa na kumwandalia ugali mtoto aliyetoka kula muda si mrefu.

Cha pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga lini mwili uwe macho na lini ujiandae kulala. Jioni sehemu hiyo huruhusu homoni iitwayo melatonini kupanda kwenye damu, ambayo ni kama mbiu ya kuutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Saa hii haiendi sawasawa na saa ya ukutani. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Harvard na kutangazwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kwa watu wazima mzunguko wake ni saa 24 na takriban dakika 11. Kwa hiyo ikiachwa yenyewe huchelewa kidogo kila siku, na lazima irekebishwe kila siku.

Kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni. Mwanga wa asubuhi huirudisha nyuma ili usingizi wa jioni uje mapema. Mwanga wa usiku hufanya kinyume, huisukuma mbele ili usingizi uchelewe. Watoto wanaguswa zaidi na mwanga wa usiku kuliko wakubwa, kwa kuwa mboni zao ni pana na lenzi za macho yao bado ni safi.

Sasa mwangalie tena mtoto wetu. Jumamosi amekaa mbele ya taa na luninga mpaka saa 6 usiku, mwanga umeisukuma saa yake mbele. Jumapili, jua la Singida lilichomoza yeye akiwa amejifunika shuka gubigubi. Mkoani humo jua huchomoza kati ya saa 12 na robo na saa 12:50 asubuhi mwaka mzima, hivyo alipoamka ule mwanga wa kurudisha saa ulikuwa umempita kwa karibu saa 3. Alipata msukumo wa kuchelewa na akakosa dawa yake.

Watafiti Stephanie Crowley na Mary Carskadon walipima jambo hili kwa vijana nchini Marekani na kutangaza matokeo mwaka 2010. Baada ya wikiendi moja ya kuchelewa kulala na kuchelewa kuamka, saa ya mwili ya vijana hao ilikuwa imesogea mbele kwa takriban dakika 45. Wikiendi moja ilitosha.

Kwa nini haiishi Jumatatu

Jumapili mtoto wetu anapelekwa kitandani saa 2:30 kama kawaida. Anajigeuza, anaomba maji, anaenda chooni, anamchokoza mdogo wake. Anapata usingizi saa 5 usiku. Jumatatu saa 12 asubuhi anaamshwa kwa nguvu, amelala saa 7 badala ya 9 na nusu.

Anarudi shuleni alasiri akiwa hoi. Saa 10 jioni anaanguka kwenye kochi na kulala mpaka saa 12 jioni. Nyumbani wanasema, "Mwacheni apumzike, amechoka." Lakini usingizi ule wa jioni umekula njaa ya usingizi aliyokuwa ameijenga kutwa. Usiku anapata usingizi saa 4:30. Jumanne usiku analala saa 4, Jumatano saa 3:30, Alhamisi saa 3. Asubuhi zote hizo shule iko palepale, anaamka saa 12.

Ukijumlisha upungufu wa kila usiku, kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi, mtoto amepoteza saa 7 na nusu za usingizi wa usiku. Anakaribia kurudi kwenye mstari siku ya Ijumaa, na Ijumaa ndiyo wikiendi nyingine inaanza. Kuna watoto ambao kwa muhula mzima hawajawahi kufika Jumatatu wakiwa na saa ya mwili iliyokaa sawa.

Mwalimu atamjua mtoto huyu kwa dalili zake. Si lazima asinzie darasani. Watoto wadogo wenye upungufu wa usingizi mara nyingi hufanya kinyume: hawatulii, wanalia kwa jambo dogo, wanapigana, wanasahau walichofundishwa jana. Nyumbani ataitwa mtukutu, kumbe anahitaji kulala.

Wahadzabe na saa ya kuamka

Kuna watu jirani kabisa ambao wanaonyesha wapi pa kushika. Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Mwaka 2015, Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walitangaza utafiti waliofanya kwa watu wazima wa jamii tatu zisizotumia umeme: Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia. Waliwavalisha mkononi vifaa vidogo vinavyopima mtu amelala au yuko macho.

Wengi wangedhani watu hao hulala kuku wanapoingia bandani. Haikuwa hivyo. Kwa wastani walilala zaidi ya saa 3 baada ya jua kuzama, na saa ya kulala ilibadilika usiku mmoja hadi mwingine. Lakini saa ya kuamka haikuyumba sana. Kwa kawaida walikuwa macho kabla jua halijachomoza, iwe jana yake walichelewa au waliwahi.

Mzazi anaweza kuchukua somo hapo. Usiku mmoja wa maongezi marefu hauvurugi mwili kiasi hicho kama asubuhi inayofuata iko palepale. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunagombana na mtoto kuhusu saa ya kulala, ambayo hatuwezi kuilazimisha, na tunaiachia saa ya kuamka, ambayo iko mikononi mwetu. Mtoto hawezi kuamriwa apate usingizi. Anaweza kuamshwa.

Kurudisha mpangilio kuanzia Jumapili

Tumrudie mtoto wetu wa miaka 9, safari hii mzazi wake akijua la kufanya. Jumamosi familia imetoka ukumbini, mtoto amelala saa 6:30 usiku. Limeshatokea, hakuna haja ya ugomvi.

Jumapili aamshwe saa 1:00 asubuhi. Siku za shule anaamka saa 12, hivyo ameongezewa saa moja, na hiyo inatosha. Atakuwa amelala saa 6 na nusu tu na atanung'unika. Huo upungufu mdogo ndio utakaomletea usingizi jioni. Familia zinazokwenda ibada ya kwanza, au zenye watoto wa madrasa ya asubuhi, zina msaada uliokwisha kuwekwa: mtoto lazima aamke.

Akishaamka, atoke nje. Si kufungua pazia tu, ni kutoka. Taa ya sebuleni usiku kwa kawaida haifiki hata laksi 300, ambayo ni kipimo cha mwanga. Uwanjani asubuhi, hata kukiwa na mawingu, mwanga unakuwa wa maelfu ya laksi. Nusu saa hadi saa nzima inatosha, na si lazima akae tu akiangalia anga. Afungulie kuku, afagie uwanja, ateke maji, au anywe uji wake barazani. Asiliangalie jua lenyewe.

Mchana atasinzia, na anaruhusiwa kulala kidogo. Alale baada ya chakula cha mchana, kati ya saa 7 na saa 8:30, kwa nusu saa mpaka saa moja, na ikifika saa 9 alasiri awe macho. Usingizi wa muda huo unapunguza uchovu bila kuiba usingizi wa usiku. Usingizi wa saa 11 jioni ndio unaoiba.

Jioni, chakula kiliwe mapema, karibu saa 1. Luninga na simu zizimwe saa 1:30, na taa ibaki moja hafifu. Kama ni desturi ya nyumba kunywa chai usiku, mtoto apewe maziwa au uji, kwa sababu majani ya chai yana kafeini. Kwa mtu mzima, kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini, hivyo chai ya saa 1 jioni bado inafanya kazi usiku wa manane. Soda aina ya kola na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini, na mtoto hapaswi kupewa hivyo vya kuongeza nguvu saa yoyote.

Saa 2:30 aende kitandani. Sasa amekaa macho kwa saa 13 na nusu, ukiacha ule usingizi mfupi wa mchana, na amepata mwanga wa asubuhi. Huenda akachelewa kwa nusu saa, akalala saa 3. Jumatatu saa 12 ataamka akiwa amelala saa 9. Jumatatu hiyohiyo asilale jioni. Akizidiwa, dakika 20 kabla ya saa 10 jioni zinatosha, kisha atumwe dukani au apewe kazi ya nje. Jumanne wiki imeshakaa sawa.

Kama mzazi amegundua akiwa amechelewa

Kuna Jumapili ambayo mtoto ameshaamka saa 3:30 na hakuna la kufanya. Kosa la kawaida hapo ni kumpeleka kitandani saa 1 usiku ili "afidie". Haiwezekani. Saa moja au mbili kabla ya muda ambao saa ya mwili imezoea kulala, mwili huwa macho kuliko muda mwingine wowote wa siku. Mtoto anayelazimishwa kulala muda huo atachangamka zaidi, ataonekana mkaidi, na atajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kukaa macho na kulia.

Kilicho bora ni kumwacha afanye jambo la utulivu kwenye mwanga hafifu mpaka aonyeshe dalili za usingizi: kupiga miayo, kusugua macho, kunyamaza. Pengine itakuwa saa 3:30 au saa 4 usiku. Alale hapo, lakini Jumatatu aamke saa 12 kama kawaida na atoke nje. Kisha kila usiku saa ya kulala irudishwe nyuma kwa dakika 15 hadi 30, bila usingizi wa jioni katikati. Katika siku 3 hadi 5 atakuwa amerudi. Haraka zaidi ya hapo ni vigumu, kwa sababu saa ya mwili huchelewa kwa urahisi na kuwahi kwa shida.

Hesabu hiyohiyo inatumika likizo inapoisha. Mtoto aliyezoea kuamka saa 2 asubuhi mwezi wote wa Desemba, na shule inamtaka saa 12, ana saa 2 za kurudisha. Kwa dakika 15 kila siku, hiyo ni kazi ya siku 8. Ianzwe asubuhi, kwa kumwamsha mapema kidogo kila siku na kumtoa nje. Akisubiriwa mpaka usiku wa kuamkia shule kufunguliwa, wiki ya kwanza yote itakuwa ya kusinzia.

Makosa mengine ya nyumbani

Baadhi ya wazazi humpa mtoto dawa ya mafua inayoleta usingizi, kama klofeniramini ambayo wengi huiita piritoni, ili alale mapema. Dawa hiyo humlegeza mtoto lakini haiirudishi saa ya mwili, na usingizi wake unaweza kumfuata mpaka darasani asubuhi. Isitumike kwa ajili ya kulaza mtoto.

Kosa la pili ni kumpa simu kitandani ili atulie. Anatulia kweli, lakini mwanga uko karibu na macho yake na video moja inaita nyingine. Simu za nyumba nzima zilale sebuleni, pamoja na za wakubwa ikiwezekana. Mtoto anayesikia kelele za luninga upande wa pili wa ukuta anajua bado kuna jambo anakosa.

Kosa la tatu ni kumtenga. Nyumba yenye vyumba viwili haiwezi kumlaza mtoto saa 2:30 huku wakubwa wakitazama mechi hapohapo. Hapo nyumba nzima inabidi ikubaliane: sauti ishushwe, taa kubwa izimwe, au mtazamaji aende kwa jirani. Chandarua kifungwe mapema, na shuka au blanketi liwe tayari, hasa Juni na Julai upepo wa Singida unapokuwa mkali, ili baridi isimwamshe usiku.

Vijana wa sekondari

Kijana wa miaka 14 si mtoto wa miaka 9. Balehe yenyewe husogeza saa ya mwili mbele, na usingizi wake huja kwa kuchelewa hata bila simu. Si ukaidi wote. Anahitaji kulala kati ya saa 8 na saa 10, na siku za shule mara nyingi hazipati, ndiyo maana Jumamosi analala kama mfu.

Kumwamsha saa 12 asubuhi Jumapili kunaweza kumwongezea deni. Kwake, aongezewe saa moja na nusu hivi juu ya saa yake ya kawaida ya kuamka, na kinachobaki akilipe kwa kulala mapema Ijumaa na kwa usingizi mfupi wa Jumapili mchana. Aambiwe sababu, aoneshwe hesabu. Kijana anayeelewa kwa nini Jumatatu inamuuma hushirikiana kuliko anayeamriwa.

Jinsi ya kujua kama imekubali

Mzazi achukue daftari na kwa wiki mbili aandike mambo matatu: saa mtoto aliyopata usingizi, saa aliyoamka, na ameitwa mara ngapi. Mpangilio ukikaa sawa, mtoto hupata usingizi ndani ya dakika 15 hadi 30 baada ya kulala kitandani. Huamka kwa kuitwa mara moja, na siku nyingine huamka mwenyewe. Na Jumatatu yake haitofautiani sana na Alhamisi yake. Kama Alhamisi ni nzuri na Jumatatu ni mbaya kila wiki, tatizo bado liko wikiendi.

Lakini kama wiki mbili zimepita, saa za kulala na kuamka zimeshikwa vizuri, na mtoto bado anasinzia mchana, apelekwe kituo cha afya. Mzazi amwambie mhudumu kama mtoto anakoroma kila usiku, kama pumzi hukatika kidogo akiwa amelala, au kama anahemea mdomoni, kwa sababu tezi za kooni zilizovimba huvunja usingizi mara nyingi usiku bila mtoto kujua. Upungufu wa damu na magonjwa mengine pia humfanya mtoto awe mchovu, na hayo hayaponi kwa kubadilisha saa ya kulala.

Wikiendi haihitaji kufutwa. Harusi zitakuwepo, mechi zitakuwepo, na mtoto ana haki ya kukaa na bibi yake mpaka hadithi iishe. Kama usiku utakuwa mrefu, bora uwe wa Ijumaa kuliko wa Jumamosi, kwani Ijumaa inabakiza asubuhi mbili za kurekebisha kabla ya Jumatatu. Na Jumapili, hata kama jana yake mlirudi usiku wa manane, saa 1 asubuhi mtoto awe uwanjani akiwafungulia kuku.